Chokaa Katika Chumba cha Mama

Mama alikuwa akifagia chumvi. Kila asubuhi, baada ya kukunja mswala wake, alichukua ufagio wa chelewa akakusanya unga mweupe uliodondoka chini ya ukuta wa kibla, akauzoa kwa kipande cha gazeti, akaenda kuutupa uani. Hakulalamika. Alifanya vile watu wanavyofagia majani ya mwarobaini: kitu kimeanguka, kinafagiwa, kesho kitaanguka tena. Siku moja nilimkuta amesimama na ufagio mkononi, kidole kimoja kinywani.

"Chumvi," akasema. "Onja. Wachimba chumvi wa Marereni wanaitafuta juani, mimi inanifuata kitandani."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko.

Nyumba yetu iko mji wa kale wa Malindi, kwenye kichochoro ambacho pikipiki zinapita kwa kuomba radhi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, nene hata mtoto anaweza kulala dirishani. Baba alipofariki, plasta ya zamani ya chumba cha mama ilikuwa imeshaingia madoa, na shemeji yangu, kwa mapenzi tu, akaleta watu wa kuibandua na kupaka saruji. Alisema saruji ni ukuta juu ya ukuta. Mwaka wa kwanza chumba kilipendeza: kuta zimenyooka, zimepakwa rangi ya mafuta yenye weupe wa maziwa, zinang'aa taa ikiwashwa. Mwaka wa pili rangi ikaota malengelenge. Halafu ukungu ukaja nyuma ya kabati, kijani kwanza, kisha mweusi, na chumvi ikaanza kudondoka.

Daktari alimsikiliza mama mgongoni, akamuuliza analala wapi. Alipoelezwa, akasema asilale tena katika chumba kile mpaka kikauke. Ghorofani hakuweza kupanda kwa sababu ya magoti. Basi dada yangu mkubwa akaja na gari kutoka Mombasa, akamchukua.

Mama alipanda gari akiwa na buibui jipya na uso wa mtu anayekwenda harusini asikotaka kwenda. Aliteremsha kioo.

"Siku ukuta utakapokauka, ninarudi," akaniambia. "Sitaki kuzikwa kwa watu. Wanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Na Ramadhani nafungia kwangu."

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi na nusu ya riwaya na hamu kubwa ya kuimaliza. Marafiki zangu wa vikao vya vitabu walinionea wivu: bahari, nyumba ya kale, ukimya. Gari la dada lilipokunja kona, ukimya ule ulishuka ngazi ukaja kukaa nami mezani, na haukuwa kama walivyoufikiria.

*

Fundi niliyempata alikuwa mtu wa Ganda, nje kidogo ya Malindi, mwembamba, mwenye kofia ya mpira wa miguu na mdomo usiopumzika. Asubuhi alikuwa akining'iniza dari za jipsam katika majumba ya wageni Watamu, alasiri akaja kwangu amepakaa unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Aliacha mlango wa barabarani wazi, kama adabu inavyotaka kwa mwanamke anayeishi peke yake, akaingia chumbani kwa mama. Akageuza mwiko, akagonga ukuta kwa mpini.

"Sikiliza, dada. Ukuta mzima husema *ko*." Akagonga tena chini zaidi. "Huu wako wasema *bu*. Hapa ndani mna nafasi. Saruji ishaachana na mawe zamani, wamebaki kukaa nyumba moja tu kwa ajili ya majirani."

"Kwa nini imeachana?"

"Nyumba hii haina karatasi ya kuzuia unyevu chini ya msingi, wakati ule haikuwako. Maji yanapanda kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta, na hapa baharini yanapanda na chumvi. Zamani yalitokea ukutani, yakakauka, basi. Shemeji yako kayafungia mlango. Sasa yapanda juu zaidi yatafute dirisha, na chumvi ikigeuka kuwa punje nyuma ya saruji, yasukuma. Punje ndogo, lakini haichoki."

"Wewe ungepaka nini?"

"Mimi?" Alicheka. "Mimi napenda jipsam. Nakoroga, napaka, kabla chai haijapoa imeshashika. Haitaki kumwagiliwa maji kama saruji, haina uzito, inakuwa laini kama shavu. Wiki mbili tatu, ikikauka vizuri, twapaka rangi."

"Basi tupake jipsam."

"Dari la chumba chako cha juu, sawa. Ukuta huu nikiupaka jipsam, utanishukuru mpaka masika, masika utanitukana hadi kwa mamangu. Jipsam na maji hawapatani. Ikilowa na kulowa tena inakuwa kama mkate uliotiwa chai."

"Na saruji mpya, iliyopakwa vizuri?"

"Ile ya kwanza ilipakwa vizuri."

Ikabaki chokaa. Alipolitaja neno hilo hakucheka. Alisema chokaa ndiyo iliyokuwapo, na ndiyo iliyozoeana na mawe yale: ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo jiwe likijinyoosha nayo inajinyoosha; ina vitundu, kwa hiyo maji yanaingia na kutoka. Ila haiendi mbio. Haikauki kama nguo. Inashika pole pole kwa kula hewa, tabaka moja baada ya lingine, na kila tabaka linataka kungojewa, na ukuta wenyewe, ukishavuliwa ile saruji, uachwe uchi upumue kwanza.

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakaponichukia."

Nilimpigia dada simu. Alisikiliza, akasema yule fundi anataka kazi ndefu. Mombasa nyumba zote mpya ni jipsam, na mama anauliza kila siku. "Weka jipsam, mama arudi. Ikiharibika tutapaka tena." Hakuwa na ubaya. Alikuwa na mama anayekaa kitandani mwa mjukuu wake, akitazama mlango.

Nilitaka kuwa na hakika. Basi fundi akabandua saruji sehemu moja chini ya dirisha, akapaka viraka vitatu kando kwa kando, kila kimoja ukubwa wa sinia: jipsam, saruji, chokaa. Akasema tungoje vuli ituambie.

*

Mvua za vuli zilikuja. Nikaishi na viraka vile kama mtu anavyoishi na wapangaji. Nikishindwa kuandika nilishuka nikavitazama.

Jipsam ndiyo iliyonivutia. Ilikuwa nyeupe kama ndani ya kifuu cha dafu, haina alama hata ya mwiko, na niliwaza mama angeipenda. Halafu ukingo wake wa chini ukachora mstari wa rangi ya chai. Mstari ukapanda. Siku moja nilibonyeza kwa ukucha, na ukucha ukazama.

Saruji haikubadilika. Ilikaa kijivu, ngumu, imefunga mdomo. Lakini ukuta uliokuwa juu yake, uliokuwa mkavu tangu zamani, ukaanza kutoka jasho, na baada ya jasho ukatoka manyoya meupe ya chumvi. Unyevu ulikuwa umekizunguka kiraka kile kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe.

Na chokaa, asubuhi za mvua ilikuwa nzito, na rangi ya mchanga uliolowa. Alasiri, upepo ukipita, ikarudi nyeupe. Chumvi iliipita ikatokea juu yake kama vumbi la unga, nami niliipangusa kwa brashi kavu, kama fundi alivyoniagiza, kwa sababu ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Nikaja kugundua kwamba nilikuwa nikiitazama chokaa ile kujua hali ya hewa kabla ya kufungua dirisha.

"Haya," nilimwambia fundi. "Chokaa."

"Sasa ndio utajua kungoja," akasema, na akavua kofia akaipiga pajani kutoa vumbi.

*

Kubandua saruji kulikuwa vita. Ilikuwa imekufa mahali pengine, na kwingine imeng'ang'ania. Palipong'ang'ania iliondoka na nyama ya ukuta, kwa kuwa ilikuwa ngumu kuliko jiwe lililoibeba. Fundi alipiga patasi taratibu, akitukana kwa Kigiriama, akiniomba radhi kwa Kiswahili. Ukuta ulipobaki uchi niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani: yale matumbawe, mengine yana mistari ya ubongo, mengine matundu ya nyuki, moja lina kombe ndani yake. Mama alikuwa amelala kando ya bahari nzima bila kuiona.

Chokaa ilitoka kwa mchomaji mmoja huko bara, anayechoma mawe ya machimbo kwa magogo, kwani matumbawe hai ya baharini hayaguswi. Ililetwa kwa mkokoteni, mabonge makavu mepesi kama mkate wa jana. Fundi alivaa miwani na mabuti, akanisimamisha mlangoni kwa kidole.

"Usisogee. Hii ikikuingia jichoni hutaandika tena, utakuwa kipofu wa kuimbia watu."

Akatia maji nusu pipa, akaanza kudondosha mabonge. Kwanza kimya. Kisha pipa likanguruma, maji yakachemka bila moto, mvuke ukajaa uani, na mabonge yakapasuka moja moja yakawa ujiuji. Akakoroga kwa mti mrefu. Ilipopoa aliifunika kwa maji juu yake na magunia juu ya maji, akasema hapo ilale. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika. Mchanga aliutaka wa Mto Sabaki, uliooshwa. Wa ufuoni alikataa hata kuutazama, kwa sababu tungekuwa tunairudisha chumvi ndani kwa mikono yetu.

Wakati chokaa ikilala, alinipandia juu akanitengenezea dari. Chumba changu kilikuwa chini ya mabati, na mbao zake zimeliwa na mchwa. Alifunga fremu za chuma, akapachika mbao za jipsam, akaziba viungo kwa utepe, akapaka jipsam juu yake kwa mwiko mpana, akitembea kinyumenyume, bila kudondosha tone. Kazi ilikwisha kabla sijazoea kelele zake. Nilitaka kufurahi. Nililala chali nikatazama dari lile jipya, na jicho langu halikupata mahali pa kushika. Hapakuwa na doa wala ufa, wala fundo la mti la kuligeuza uso wa mtu. Ukiwa mwenyewe nyumbani, dari kama hilo ni kama mtu anayekutazama bila kukuitikia salamu.

Dari la mama tulilipigania. Hilo ni la boriti za mikoko, na mawe bapa katikati, na chokaa iliyoanza kudondoka kwenye viungo. Fundi alisema anaweza kulifunika lote kwa mbao za jipsam, chumba kiwe cha kisasa. Nilimpigia mama.

"Asiniguse boriti," mama akasema. "Nimezitazama tangu usiku wa harusi yangu. Mwambie hilo dari tulilipiga wenyewe."

Fundi aliomba simu. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Mlilipigaje?"

"Marahaba, mwanangu. Juu yake, sakafu. Chokaa na kokoto, tukaipiga kwa vijiti siku nzima mpaka ikashikana, wanawake mstari mmoja, tukiimba. Mamangu alipika pilau ya mtaa mzima. Ukikosea mpigo unamwagiwa maji kichwani."

"Na sasa niko mimi na mwanao," akasema fundi, "na yeye kuimba hajui."

"Ajua. Muombe."

Sikuimba. Fundi aliziba viungo vya dari kwa chokaa, akiirusha kidogo kidogo kwa mkono kati ya boriti, kila mara tabaka jembamba, kwa maana nene huanguka kwa uzito wake. Alikiri kwamba kwa dari hakuna kinachoshikilia kama jipsam, na kwamba saruji hapo ingekuwa ujinga: boriti zinacheza mvua na jua, saruji haichezi. "Lakini hizi boriti zataka hewa," akasema, "na bi mkubwa azitaka." Bafu ya mama, iliyojengwa baadaye kwa matofali ya saruji, aliiacha na saruji yake. Maji yanairukia kila siku. Hapo, alisema, saruji iko kwao.

*

Tabaka la kwanza la ukutani lilikuwa na nyuzi za mkonge zilizokatwakatwa, ili liwe na mishipa. Tukangoja. Tabaka la pili. Tukangoja. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeshika, mkavu, na fundi aliogopa upepo kuliko mvua. Akaniachia kazi: nitundike magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, nifunge dirisha la upande wa upepo, nipulizie maji kama umande asubuhi na jioni. Chokaa ikikauka kabla ya kushika, alisema, inakuwa vumbi lililosimama.

Ndivyo nilivyojikuta ninauhudumia ukuta. Niliamka nikaupulizia maji kabla ya kunywa chai. Niliugusa kwa kiganja kujua homa yake. Siku nyingine sauti yangu ya kwanza niliitoa jioni, simu ya mama ilipolia.

"Umekauka?"

"Bado, mama."

"Wakaukaje kama kila siku wautia maji?"

"Ndivyo unavyotaka."

"Hata mwali haongojewi hivi," akasema mama.

Ramadhani ilikuwa karibu. Tabaka la mwisho, lile jembamba la chokaa na mchanga laini, lilikuwa limetoka kupakwa, nami nilikuwa na mwaliko Kilifi, kikao cha wasomaji, siku mbili za kuzungumza na watu waliokaa viti vya mduara. Nilimwachia jirani ufunguo alowanishe magunia. Nilikwenda. Nilizungumza sana, zaidi ya wote, nikajiona nazungumza na nikashindwa kuacha.

Niliporudi nilisikia harufu ya udi tangu kichochoroni.

Mama alikuwa amekaa ukumbini, kwenye kiti cha baba, buibui mabegani, uso una raha. Dada alikuwa jikoni anatafuta sukari. Mama alikuwa amemsumbua mpaka akamleta, wakachukua ufunguo kwa jirani, bila kuniambia, ili nishtuke kwa furaha. Na nilishtuka kwa furaha. Nilipiga magoti nikambusu mkono, nikakaa hapo chini miguuni pake kidogo kabla sijauliza.

"Mama, udi wa nini?"

"Chumba. Nimekuta kimechuruzika maji kama mtu mwenye homa. Nimeondoa yale matambara yenu. Nimewasha majiko mawili, jana na leo, nikafunga mlango, na chetezo katikati. Mabibi harusi wangapi nimewatengezea vyumba mie? Sasa kikavu. Leo nalala."

Nilifungua mlango. Joto lilinipiga usoni. Ukuta ulikuwa mweupe kuliko nilivyouacha, na juu ya weupe ule palikuwa na mistari myembamba, mamia, imekutana na kuachana kama tope la mikokoni maji yanapokimbia. Nilipitisha kiganja. Kiganja kikarudi cheupe.

Fundi alipofika alisimama akatazama, akatia mikono mifukoni.

"Bi Mkubwa," akasema mwishowe, "chokaa si samaki. Mmeikaanga."

"Niliikausha."

"Ndiyo. Ilikuwa haijamaliza kula."

Mama alitazama ukuta, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kabla hatujaeleza. Alivuta buibui kichwani. "Nilitaka nifungie kwangu tu," akasema.

Fundi alivua kofia akaitazama ndani yake. Tabaka la juu lote lilipaswa kukwanguliwa, na la chini yake pia sehemu nyingine, na kuanza upya. Na baada ya mwezi wa mfungo ingekuwa masika, hewa imejaa maji, kila kitu kwenda taratibu maradufu. Jioni ile dada alimrudisha mama Mombasa. Safari hii hakuteremsha kioo. Nadhani aliogopa kukohoa mbele yangu.

*

Nilifungua saumu peke yangu mwezi mzima. Jirani aliniletea kaimati na uji wa pilipili manga, tukasalimiana mlangoni, akarudi kwa watu wake. Niliweka simu mezani ikiegemea birika, na mama akatokea kwenye kioo kidogo, nyuma yake mikono ya wajukuu ikipita na sambusa, mtu anacheka, mtu anagombania mto.

"Umekauka?"

"Fundi amepaka tena la pili."

"Haya. Ngoja kwanza, huyu ananivuta."

Na kioo kikaonyesha dari la nyumba ya dada, jipsam, jeupe kabisa, kwa muda mrefu.

Masika ilinyesha. Ukuta ukawa mzito na mweusi, nikaogopa. Fundi akapita, akagonga kwa mpini, akasema *ko*, unasikia, *ko*, una maji lakini umeshikana. Nikaendelea kuuangalia. Mama aliendelea kupiga simu. Aliniambia mjukuu mdogo amehitimu juzuu ya kwanza na hasomi ila kwa bibi yake. Aliniambia amepata wenzake wa darsa, wanawake wa ghorofa za jirani, na mmoja anapika maandazi mabaya lakini ana hadithi. Kikohozi chake kilikuwa kimekwisha. Nilikitegea sikio katika kila simu, nisikisikie, nikamshukuru Mungu.

Sikumbuki ni siku gani hakuuliza. Nakumbuka tu nilikata simu, nikasimama na bomba la kupulizia maji mkononi, na nikahisi kuna kitu nimesahau kukisema. Nilikuwa nimetayarisha jibu. Kesho yake pia hakuuliza.

Upepo wa kusi ulipopoza mji, fundi alipaka tabaka la mwisho, akalingoja, akalipiga chokaa ya maji mara kadhaa, nyembamba kama maziwa yaliyotiwa maji, ambayo ukiipaka haionekani na ikikauka inajitokeza. Ukuta haukunyooka kama wa shemeji. Ulifuata mawe, ukapanda na kushuka kidogo chini ya mwanga, kama shuka iliyotandikwa juu ya mtu aliyelala. Nilikaa humo asubuhi nzima. Hapakuwa na harufu yoyote.

"Mwambie arudi," fundi akasema, akifunga miko yake kwa kitambaa.

*

Mama alikuja na begi dogo. Nililiona begi kabla sijamwona yeye.

Aliingia chumbani kwake, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Alitazama boriti. Alilala humo siku kadhaa, madirisha wazi, na asubuhi alifagia sakafu kwa mazoea na hakupata kitu cha kuzoa. Alipumua vizuri. Tulikula pamoja, akanisema kwa nazi yangu kuwa nyepesi, akapokea wageni wa mtaa waliokuja kumwona, akawaonyesha ukuta kama bibi harusi anavyoonyeshwa. Alasiri alimpigia simu mjukuu akamsomesha kwa mbali. Mtoto alilia, akataka aje. Mama alizima simu akaikalia.

Siku ya mwisho tulikuwa tunakunja nguo zake, kanga juu ya kanga.

"Chumba kizuri," akasema. "Baba yenu angekipenda."

"Basi kaa."

Alilainisha kanga kwa kiganja. "Ungenipakia ile jipsam, ningekuwa nimerudi zamani."

"Ungekuwa unakohoa, mama."

"Ningekohoa kwangu," akasema, bila kunilaumu, kama mtu anayetaja bei ya samaki. "Sasa nimepoa, na wale wamenizoea. Mtoto akizoea mtu, umwondoe vipi? Nitakuwa nakuja. Sikukuu nakuja, inshallah."

Nilitaka kumwambia kwamba nilichagua sawa. Viraka vilikuwa vimesema, masika ilikuwa imesema, kifua chake chenyewe kilikuwa kinasema. Yote hayo yalikuwa kweli, na mama alijua ni kweli, na begi lilikuwa limeshafungwa zipu. Ukuta ulihitaji muda wote ule. Sikuwahi kujiuliza muda ule ulikuwa unatoka kwa nani.

Nilimsindikiza hadi barabarani, kwa sababu gari la dada haliingii kichochoroni kwetu. Mama alinishika uso kwa mikono yote miwili. Aliniambia nile, nisilale ghorofani, chini ya lile dari, joto litaniua, nihamie chumbani kwake.

"Hicho ni chako."

"Changu, ndiyo. Lakini chumba kisicholalwa huoza hata kwa chokaa."

Gari likaondoka. Nilirudi, nikafunga mlango wa nje, nikaingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kona zimekunjwa kama anavyozikunja yeye. Nilifungua dirisha la upande wa bahari, kisha lile la uani, upepo ukapita. Halafu nikapanda juu nikaanza kuteremsha meza yangu, peke yangu, ngazi moja moja, nikiishika isikwaruze ukuta.